Imelipwa, Risiti Bado

Wauzaji wengi wa siku hizi hawana kaunta. Oda zinaingia kwa fomu ya Google au kwa simu, malipo yanaingia kwa M-Pesa au benki, na daftari la biashara ni jedwali la Google Sheets ambalo watu wawili watatu wanaliandika kwa zamu. Kazi inayosahaulika mara nyingi ni ndogo kuliko zote: kumwandikia mteja kwamba fedha yake imefika. Mteja wa Kariakoo atapiga simu aulize. Mteja aliyeko Muscat au London, aliyetuma fedha kwa mtu asiyemwona, anakaa siku mbili akiwaza kama ametapeliwa, kisha anatuma ujumbe: "Dada, risiti yangu vipi?"

Kazi hiyo jedwali lenyewe linaweza kuifanya. Ndani ya Google Sheets kuna sehemu ya kuandikia programu fupi, inaitwa Apps Script, na imekuwepo tangu mwaka 2009. Lugha yake ni JavaScript. Haihitaji kununua seva wala kusakinisha kitu kwenye kompyuta, kwa sababu skripti inakaa ndani ya faili la jedwali na kuendeshwa kwenye mitambo ya Google hata kama laptopu yako imezimwa. Kutuma barua pepe kwa skripti hiyo kunachukua mistari michache tu. Kinachowashinda watu ni kuhakikisha kwamba kila aliyelipa anapata risiti, na anapata moja.

Tutumie mfano wa duka la khanga lililoko Kariakoo, linalouza kwa oda. Ukurasa wa jedwali unaitwa Oda. Safu ya A ni tarehe, B jina la mteja, C barua pepe yake, D bidhaa. Hizo nne zinajazwa na fomu. Nne zinazofuata zinajazwa na duka: E kiasi kilicholipwa, F namba ya muamala, G hali ya oda, na H, ambayo ndiyo roho ya mpango mzima, inaitwa Risiti. Mtu wa duka akishaona fedha imeingia, anaandika kiasi na namba ya muamala, kisha kwenye G anachagua neno IMELIPWA. Safu ya H haigusi. Hiyo ni ya skripti.

Wanaoanza karibu wote hufikiri hivi: mstari mpya ukiingia, tuma barua. Au: mtu akibadilisha G kuwa IMELIPWA, tuma barua. Apps Script ina nyenzo za kufanya hivyo, zinaitwa triga, yaani vitu vinavyoiamsha skripti. Iko triga ya jina onEdit ambayo huamka mtu anapohariri kisanduku. Ukiandika tu function yenye jina hilo, huamka yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Lakini kwa kuwa haikuomba ruhusa, haina ruhusa. Ikifika kwenye kutuma barua inakwama, na kwenye kumbukumbu za skripti utakuta maneno "You do not have permission to call MailApp.sendEmail". Watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa lolote. Dawa yake ni kuifunga triga kwa mkono, kwenye ukurasa wa Triggers, ili iendeshwe kwa idhini ya mwenye akaunti.

Hata ukiifunga kwa mkono, triga ya kuhariri ina mapengo. Inaamka pale tu mtu anapohariri kwa mkono. Mstari ukiandikwa na skripti nyingine, au na mfumo wa malipo unaoingiza taarifa moja kwa moja kwenye jedwali, triga inalala usingizi wa pono. Kisanduku kikibadilika kwa sababu ya fomula, vilevile. Na mtu akinakili oda kumi zilizolipwa akazibandika kwa mpigo, triga inaamka mara moja tu kwa ajili ya mistari yote kumi. Kama msimbo uliandikwa kwa kufikiria mstari mmoja, mteja mmoja atapata risiti na tisa watakosa, na hakuna alama yoyote itakayokuonyesha kwamba walikosa.

Kwa hiyo mimi nashauri kuacha kabisa kuvizia tukio. Badala ya kuuliza "nini kimebadilika sasa hivi?", skripti iamke kila baada ya dakika tano, isome jedwali lote, na iulize kila mstari: umelipwa? Risiti yako imeshatoka? Mstari uliolipwa na ambao safu yake ya H ni tupu ndio unaotumiwa barua. Haijalishi uliandikwa na nani, kwa njia gani, wala saa ngapi. Intaneti ikikatika, Google ikipata hitilafu, au mtu akiizima triga kwa siku nzima, hakuna kinachopotea: skripti ikiamka tena inaikuta mistari iko palepale, H zake tupu, na inaendelea na kazi. Mteja atasubiri dakika tano kwa risiti, na hakuna mteja aliyewahi kulalamikia hilo.

Dakika hizo tano zina faida nyingine. Aliyebofya IMELIPWA kwenye mstari usio wake mara nyingi anapata nafasi ya kurekebisha kabla barua haijaondoka. Kwa triga ya kuhariri, kidole kikiteleza barua imekwenda.

Msimbo wenyewe huu hapa. Fungua jedwali, nenda kwenye menyu ya Extensions, chagua Apps Script. Futa kilichomo kwenye ukurasa utakaofunguka, kisha andika hiki:

```javascript
function tumaRisiti() {
  const kufuli = LockService.getScriptLock();
  if (!kufuli.tryLock(1000)) return;
  const oda = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Oda');
  const mistari = oda.getDataRange().getValues();
  for (let i = 1; i < mistari.length; i++) {
    const [tarehe, jina, pepe, bidhaa, kiasi, muamala, hali, risiti] = mistari[i];
    if (String(hali).trim().toUpperCase() !== 'IMELIPWA') continue;
    if (risiti !== '') continue;
    if (!pepe || !muamala || typeof kiasi !== 'number') continue;
    if (MailApp.getRemainingDailyQuota() < 1) break;
    tumaMoja(oda.getRange(i + 1, 8), jina, pepe, bidhaa, kiasi, muamala);
  }
}
```

Mstari wa kufuli ni wa kuzuia skripti mbili zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Ya kwanza ikiwa bado inatuma, ya pili inakuta mlango umefungwa na inaondoka. Baada ya hapo skripti inasoma jedwali lote kwa mkupuo mmoja, ambao ni mwendo mzuri, kwa sababu kusoma kisanduku kimojakimoja kungeichelewesha sana. Hesabu ya i inaanzia 1 kwa sababu kompyuta huhesabu kuanzia 0, na 0 hapa ni mstari wa vichwa vya safu. Ndiyo maana pia baadaye kuna i + 1: mstari ambao msimbo unauita 1, kwenye jedwali ni mstari wa 2. Ukisahau kuongeza hiyo moja, alama ya risiti itaandikwa kwenye mstari wa mteja wa juu yake.

Neno trim linaondoa nafasi zilizobaki mwanzoni na mwishoni mwa neno. Linaonekana dogo, lakini mtu akiandika "Imelipwa " kwa simu, kibodi humwachia nafasi mwishoni, na kwa kompyuta hilo ni neno tofauti kabisa na "Imelipwa". Njia bora zaidi ni kuweka orodha ya kuchagua kwenye safu ya G, ili asiwepo wa kuandika kwa mkono.

Sehemu inayoangalia kama kiasi ni namba nimeiweka kwa sababu ya mazoea yetu. Wafanyabiashara wetu huandika 45,000/= na hawaoni tatizo. Jedwali linaliona hilo kuwa ni maneno, si namba. Bila kizuizi hicho, chochote kilichochapwa kwenye kisanduku kingeingia kwenye barua kama kilivyo, na kisanduku kilichoachwa tupu kingempa mteja barua isemayo amelipa "Sh" bila kiasi chochote. Mteja wa London akisoma hivyo hataagiza tena. Kwa kizuizi hiki mstari huo unarukwa mpaka mtu aandike 45000 kama namba. Alama za shilingi na mikato ziwekwe kwa mpangilio wa safu, zisichapwe ndani ya kisanduku.

Sasa sehemu ya kutuma. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko wote katika kazi hii, ingawa msimbo wake ni mwepesi:

```javascript
function tumaMoja(seli, jina, pepe, bidhaa, kiasi, muamala) {
  seli.setValue('INATUMWA');
  SpreadsheetApp.flush();
  try {
    MailApp.sendEmail({
      to: pepe,
      name: 'Duka la Khanga',
      subject: 'Tumepokea malipo yako - ' + muamala,
      body: 'Habari ' + jina + ',\n\nTumepokea Sh ' +
        kiasi.toLocaleString('en-US') + ' kwa ajili ya: ' + bidhaa +
        '.\nNamba ya muamala: ' + muamala + '\n\nAhsante.'
    });
    seli.setValue(Utilities.formatDate(new Date(),
      'Africa/Dar_es_Salaam', 'yyyy-MM-dd HH:mm'));
  } catch (kosa) {
    seli.setValue('KOSA: ' + kosa.message);
  }
}
```

Uamuzi wenyewe ni huu: kipi kitangulie, kutuma barua au kuandika kwenye H kwamba imetumwa? Ukitanguliza kutuma, inaweza kutokea barua ikaondoka kisha skripti ikakatika kabla ya kuweka alama. Google haiachi skripti iende zaidi ya dakika 6 kwa mara moja, ikifika hapo inakatwa popote ilipo. Dakika tano baadaye skripti inaamka, inaikuta H tupu, inatuma tena. Ukitanguliza alama, skripti inaweza kukatika baada ya alama na kabla ya barua. Mteja hapati kitu, na jedwali linasema amepata. Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza, maana linajificha.

Kuondoa hatari hiyo moja kwa moja haiwezekani, kwa kuwa barua na jedwali ni vitu viwili na hakuna namna ya kuvifanya vitokee kwa nukta moja. Kinachowezekana ni kuifanya ionekane. Ndiyo kazi ya neno INATUMWA. Skripti inaliandika kwanza, na flush inalazimisha liandikwe hapohapo badala ya kusubiri. Kisha inatuma. Ikifanikiwa, inalifuta neno hilo na kuweka tarehe na saa. Ukikuta mstari umekaa na INATUMWA kwa muda mrefu, ujue skripti ilikatikia katikati. Hautatumwa tena wenyewe, kwa sababu H si tupu, na hautajidai umetumwa, kwa sababu hauna tarehe. Fungua folda ya barua zilizotumwa, tafuta namba ya muamala. Ukiikuta, andika tarehe kwa mkono. Usipoikuta, futa neno INATUMWA, na baada ya dakika tano risiti itakwenda.

Mstari wenye KOSA unashughulikiwa vivyo hivyo: soma sababu, rekebisha, futa kisanduku cha H. Kosa la kawaida ni anwani iliyokosa alama ya @ au iliyopenyezwa nafasi katikati.

Lakini lipo kosa ambalo skripti hailioni. Mteja akiandika gmial.com badala ya gmail.com, kwa macho ya skripti hiyo ni anwani iliyo sawa. Barua inaondoka, tarehe inawekwa, na baada ya muda barua inaweza kurudishwa kwenye kikasha chako ikiwa imetoka kwa Mail Delivery Subsystem, ikisema haikumpata mwenyewe. Kwa hiyo tarehe iliyoko H ina maana kwamba barua imeondoka dukani. Haina maana kwamba imefika, na mtu wa duka anapaswa kulijua hilo kabla ya kumbishia mteja kwenye simu.

Barua anayoipata mteja inasomeka hivi. Juu: "Tumepokea malipo yako", ikifuatiwa na namba ya muamala. Ndani: "Habari Asha, Tumepokea Sh 45,000 kwa ajili ya: doti 3 za khanga." Chini namba ya muamala tena na ahsante. Hayo yanatosha. Wapo wanaotaka nembo, rangi na jedwali zuri ndani ya barua. Inawezekana, lakini ningesubiri mpaka hii ya maneno matupu ifanye kazi mwezi mzima bila kukorofisha. Saa za eneo nimeziandika wazi kwenye msimbo kwa makusudi. Jedwali lililotengenezwa na akaunti yenye mipangilio ya Marekani linaweza kuhesabu kwa saa za California, na malipo ya saa tatu asubuhi Dar es Salaam yakaonekana yamefanyika jana yake usiku.

Kabla ya kuwasha chochote kuna jambo moja la lazima, na anayeliruka hujuta. Kama jedwali lako lina oda za zamani, tuseme mia tatu zilizolipwa tangu mwaka jana, safu yao ya H ni tupu kwa kuwa hukuwa nayo. Skripti haijui uzamani. Itaona mistari mia tatu iliyolipwa bila risiti na itaanza kuwaandikia watu waliokwisha kuzivaa khanga zao mpaka zikachuja. Andika neno ZAMANI kwenye H ya mistari yote hiyo kwanza. Lolote lisilo utupu linatosha kuizuia skripti.

Kisha jaribu. Weka mstari mmoja wenye anwani yako mwenyewe, kiasi na namba ya muamala ya kubuni, na G iwe IMELIPWA. Kwenye ukurasa wa Apps Script chagua tumaRisiti, bofya Run. Mara ya kwanza Google itakuomba ruhusa mbili: kugusa jedwali na kutuma barua kwa jina lako. Akaunti za kawaida za Gmail huonyeshwa onyo lisemalo "Google hasn't verified this app". Kwa skripti uliyoiandika mwenyewe, bofya Advanced, endelea, kubali. Kwa skripti uliyopewa na mtu usiyemjua na ambayo hukuisoma mstari kwa mstari, onyo hilo ni la kweli. Usiendelee.

Barua ikifika, nenda upande wa kushoto kwenye alama ya saa, Triggers, bofya Add Trigger, chagua tumaRisiti, chanzo kiwe Time-driven, aina iwe Minutes timer, muda uwe Every 5 minutes. Kwa nini si kila dakika? Akaunti ya bure inaruhusiwa jumla ya dakika 90 za triga kwa siku. Skripti inayochukua sekunde 3 ikiamka kila dakika inakula dakika 72, na jedwali likikua kidogo utavuka mpaka. Kwa kila dakika tano inakula kama dakika 14 na nusu tu.

Kikomo kingine ni cha barua zenyewe. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu skripti kutuma kwa wapokeaji 100 kwa siku, akaunti ya kulipia ya Google Workspace 1,500. Kinachohesabiwa ni wapokeaji, si barua. Ukiongeza anwani yako ili ubaki na nakala ya kila risiti, umetumia nafasi mbili kwa kila mteja, na duka lako lina risiti 50 kwa siku. Nakala haina haja: kila barua iko tayari kwenye folda ya zilizotumwa. Mgao ukiisha, ule mstari wa getRemainingDailyQuota unaisimamisha skripti kabla haijaanza kuandika KOSA kila mahali. Waliobaki wanabaki na H tupu, na mgao ukirudi wanahudumiwa.

Kujua kama mambo yanakwenda, huhitaji kufungua msimbo kila siku. Kwenye ukurasa mwingine wa jedwali weka fomula hii:

```
=COUNTIFS(Oda!G:G,"IMELIPWA",Oda!H:H,"")
```

Inahesabu waliolipa ambao risiti bado. Wakati wa kawaida inaonyesha 0, au namba ndogo inayorudi 0 baada ya dakika chache. Ikikaa kwenye 3 kutwa nzima, kuna mistari mitatu inayorukwa: haina barua pepe, haina namba ya muamala, au kiasi kimeandikwa kwa /=. Ikipanda bila kushuka, triga imekufa. Hapo fungua ukurasa wa Executions uone mara ya mwisho skripti iliamka lini na ilisema nini.

Triga hufa zaidi kwa sababu za kibinadamu. Ni mali ya akaunti iliyoiwasha, na barua zinatoka kwa jina la akaunti hiyo. Kijana wa duka akiwasha kwa Gmail yake, wateja watapokea risiti kutoka kwake, majibu yao yatakwenda kwake, na akiacha kazi na kuondoa ruhusa zake risiti zinakoma bila taarifa kwa mwenye duka. Washa kwa akaunti ya biashara. Vilevile mtu akitengeneza nakala ya jedwali kwa ajili ya mwaka mpya, msimbo unakwenda na nakala lakini triga haiendi. Mwezi wa Januari ndio wa kuangalia ile fomula kwa makini.

Na watu wasipange upya mistari saa za kazi. Skripti ikiwa imeshika mkononi kwamba Asha yuko mstari wa 40, halafu mtu akapanga jedwali kwa majina sekunde hiyohiyo, alama itaandikwa kwenye mstari wa 40 ambao sasa ni wa mtu mwingine. Ni nadra, ila ikitokea ni vigumu kugundua. Anayetaka kuona oda kwa mpangilio wake atumie Filter view, ambayo inampangia yeye peke yake bila kuhamisha mistari ya kweli.

Jambo la fedha zenyewe lisisahauliwe. Skripti inaamini kilichoandikwa kwenye G. Matapeli wanaotuma ujumbe wa bandia unaofanana na wa M-Pesa bado wapo, na mtu wa duka akiupokea ujumbe huo kama ulivyo, tapeli atapata na risiti rasmi yenye jina la duka lako ya kukubania nayo. Anayeandika IMELIPWA awe ameangalia salio au taarifa ya akaunti, si ujumbe uliotumwa kwake na mteja. Kwa sababu hiyohiyo, wanaoweza kuhariri jedwali wawe wachache na wanaojulikana. Jedwali lenye majina, anwani na malipo ya wateja lisiachwe wazi kwa kila mwenye kiungo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, na orodha kama hii inaguswa na zote mbili.

Mwisho, barua hii ni uthibitisho wa kupokea fedha tu. Mfanyabiashara wa Tanzania Bara anayetakiwa kutoa risiti ya EFD bado anatakiwa kuitoa, na wa Kenya aliye chini ya eTIMS ni vivyo hivyo. Skripti haiwasiliani na TRA wala KRA.